Skrubu ya Feni ya Mama Mkwe

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema, msomaji asije akanidhania shujaa kwa sababu tu nilishika bisibisi. Naogopa mbwa, naogopa radi, na naogopa zaidi simu ya mke wangu anapokuwa kwao, kwa maana akiwa kwao huwa hapigi bure. Sabato ile alipiga saa nane mchana. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi nyumbani Masimba, tumbo limejaa chakula cha baada ya kanisa.

"Feni ya Mama imekwama," alisema. "Inanguruma tu, haizunguki. Nimeizima. Kuja haraka, anahangaika."

Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu, na maji yakawa yanamjaa miguuni na kwenye mapafu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali na mfuko wa vidonge pamoja na maagizo: asilale chali, aketi akiegemea mito, apunguze chumvi, na hewa impige usoni. Hilo la hewa ndilo lililomsaidia kuliko yote. Feni haikuwa dawa, sote tulijua, lakini ikimpuliza usoni pumzi yake ilitulia na ile hofu ya kukabwa ilimtoka machoni. Ikizimwa, hofu ilirudi. Mke wangu alikuwa amehamia huko Sironga ili kumtunza, nami nikabaki na watoto na kibanda changu cha kutengeneza simu na redio.

Sasa, Sironga si mahali pa feni. Ni mahali pa sweta. Hiyo feni ililetwa na marehemu baba mkwe aliyefanya kazi Mombasa miaka mingi, na alipostaafu akaja nayo kama mtu anayekuja na mke wa pili: kila mtu aliitazama, hakuna aliyejua itafanya kazi gani. Ilikuwa ya chuma tupu, mabawa manne ya chuma, wavu wa chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Iliwekwa sebuleni juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikakaa hapo zaidi ya miaka ishirini ikinyonya unyevu wa milimani. Mama alipougua ndipo tukaikumbuka. Niliiwasha mimi mwenyewe, ikazunguka, nikasifiwa hadi nikaona aibu ya kupendeza. Haikunijia hata kidogo kuifungua na kuitia mafuta. Fundi mzima.

Nikachukua pikipiki na mkoba wa vyombo. Njiani mvua ilinikuta, nikalowa, wala sikusimama.

Nilipoingia sebuleni nilimsikia kabla sijamwona mtu yeyote. Chumba chake kilitenganishwa na sebule kwa pazia tu, na nyuma ya pazia pumzi ilikuwa inapanda na kushuka kwa haraka, fupi fupi, na katikati yake kisauti chembamba cha maji. Sijawahi kusikia sauti iliyonitia baridi kiasi hicho. Mke wangu alikuwa ndani akimpepea kwa sinia. Alitoka mara moja tu, akaniwekea feni juu ya meza na kuniambia kwamba kaka yake ameenda Kisii mjini kutafuta feni nyingine, halafu akarudi ndani mbio. Nikasikia sinia likianza tena, fuu, fuu, fuu.

Mimi sikuweza kuingia. Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama wa mke wake, hata awe fundi, hata awe nani. Tunaiita chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Kwa miaka kumi na tano nilikuwa nimemsalimia mama huyo kwa mbali, nikila kwake nimeinamisha kichwa, na hakuna hata siku moja niliyomtazama machoni kwa muda wa kunywa maji. Kusema kweli nilimwogopa hata alipokuwa mzima.

"Mkwe amefika?" alisema kutoka ndani. Alilazimika kuvuta pumzi katikati ya maneno hayo mawili.

"Nimefika, Mama. Ni kitu kidogo hiki. Dakika kumi."

Dakika kumi! Mdomo wangu una kawaida ya kuahidi kabla kichwa hakijaangalia.

Nikahakikisha waya umechomolewa ukutani, nikaondoa wavu wa mbele, nikajaribu kuzungusha mabawa kwa kidole. Yalisogea kwa shida, yakisaga. Nikamulika kwa tochi ya simu nyuma ya kitovu, pale mabawa yanapokutana, nikaona tatizo lote: uzi mweupe wa kile kitambaa cha kufuma ulikuwa umevutwa ukajisokota kwenye shafti ya mota, ukachanganyika na nywele, vumbi na grisi ya zamani iliyoganda kama gundi, yote yamebana mbele ya bushi ambamo shafti huzungukia. Nilijaribu kuuvuta uzi kwa kibanio, ukakatika. Hapakuwa na njia nyingine. Lazima mabawa yatoke ndipo nisafishe na kutia mafuta.

Ubavuni mwa kitovu kulikuwa na skrubu moja ndogo isiyo na kichwa, imezama kwenye tundu lake, ncha yake ikikandamiza ubapa wa shafti. Hiyo tu ndiyo iliyoshika kila kitu. Kutu ilikuwa imeizunguka, ya rangi ya chai ya rangi.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu, na nitaueleza vizuri kwa sababu ni ujinga wa mtu anayejua kazi. Feni zinazokuja kibandani kwangu ni za plastiki. Hizo mabawa yake hushikwa mbele na kofia inayofungwa kwenye ncha ya shafti, na kofia hiyo hufunguliwa kinyume: unazungusha upande ambao kwa vitu vingine vyote ungekuwa unakaza. Kila fundi anajifunza hilo kwa kuvunja kofia ya kwanza. Mimi nilivunja mbili. Tangu hapo lilinikaa kichwani kama amri: feni hufunguliwa kinyume. Kwa hiyo nilipotia bisibisi kwenye skrubu ile ya ubavuni, mkono wangu haukuuliza. Ulizungusha kulia.

Haikusogea. Nikakaza meno, nikazungusha tena. Ikasogea kidogo sana, labda upana wa unywele, nikafurahi, nikasema kwa sauti, "Imeanza!" Kisha ikakwama kabisa kabisa, kama imechomelewa.

Nyuma ya pazia sinia lilipunguza mwendo. Mkono wa mke wangu ulikuwa umeanza kuchoka, na kila sinia lilipochelewa, pumzi ya mama ilipanda juu zaidi. Nikaanza kutoka jasho na nguo zangu bado zina maji ya mvua. Nikaweka uzito wangu wote juu ya bisibisi. Ikateleza. Nilipomulika niliona kingo za mfereji wa skrubu, ule unaopokea bisibisi, zimeanza kulika. Mafundi husema skrubu imelewa. Hii ilikuwa bado haijalewa, lakini ilikuwa imeshaonja.

Ndipo hofu ikanishika sawasawa. Mfereji ukiisha, hakuna mahali pa kushika, itabaki kutoboa kwa drili, na drili sikuwa nayo. Nikafikiria kuyang'oa mabawa kwa nguvu. Nikaingiza bisibisi kubwa nyuma ya bawa moja, nikabinua, na bawa likapinda huku kitovu hakijasogea hata kidogo. Nikaacha haraka. Nilikuwa nimekuja kutengeneza feni, na sasa nilikuwa nimeongeza ubovu juu ya ubovu. Nililinyoosha bawa kwa vidole na kuangalia pazia kama mwizi.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji, kutoka Kisii.

"Shemeji, duka nilizokuwa nategemea zimefungwa, ni Sabato," alisema. "Moja iko wazi, lakini wanasema feni ziliisha, na huku hawaleti nyingi. Naenda kuangalia upande wa chini. Hiyo yenu umefungua?"

"Bado kidogo," nikasema. Uongo mtupu.

Nilipokata simu niligundua kwamba chumbani kumenyamaza. Hakuna sinia. Hakuna pumzi. Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilifika kwenye pazia na mkono wangu ukalishika, na hapo ukaganda, na bado naona aibu kuandika kwamba uliganda. Mama wa watu anakufa hatua tatu kutoka kwangu na mimi nafikiria kama naruhusiwa kuvuka. Nikaita jina la Mungu. Kisha nikamwita mke wangu, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Nini?" mke wangu akajibu kutoka ndani.

"Mama?"

"Niko," mama mkwe akasema, na pumzi ikarudi kwa kishindo, kwa haraka kuliko mwanzo. "Nilikuwa nimeizuia... nisikie... kama imefunguka."

Nikakiinua kiti, nikakaa, nikainamia feni. Mikono ilinitetemeka hata sikuweza kuweka bisibisi kwenye mfereji. Na kwa sababu sikuweza kufanya kitu chochote, kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaangalia.

Kofia ya feni ya plastiki iko kwenye ncha ya shafti, inazunguka nayo, ndiyo maana wakaiweka kinyume, ili mzunguko usiilegeze. Skrubu hii haikuwa kwenye ncha. Ilikuwa imeingia kutoka ubavuni. Mzunguko wa feni hauihusu hata kidogo. Haikuwa na sababu yoyote ya kuwa kinyume. Ilikuwa skrubu ya kawaida kama ya mlango, na mimi, fundi wa Masimba, nilikuwa nimekaa hapo zaidi ya nusu saa nikiikaza kwa nguvu zangu zote, huku mama huyu akizuia pumzi yake ili asikie ikifunguka.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Lakini nilihitaji muda, na muda ulikuwa wake, haukuwa wangu. Nilijiona siwezi kumwomba tena dakika kumi za uongo.

"Mama," nikasema nikilielekea pazia, "nimekosea. Nilikuwa naizungusha upande usiofaa. Tangu nifike nimekuwa naikaza. Na mfereji wake nimeuharibu kidogo. Nitaifungua, lakini si haraka. Inataka moto na mafuta, robo saa au zaidi."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea.

"Fanya," alisema.

Nikachomeka chuma changu cha umeme cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Moto wa mshumaa nisingeuweka karibu na mota, ungeunguza nyaya za ndani. Mafuta ya taa, ambayo hulainisha kutu, sikuthubutu kuyatumia, kwa maana harufu yake ingemfikia mgonjwa. Mlango niliufungua wote, mvua na baridi vikaingia. Chuma kilipopata moto nikaweka ncha yake juu ya skrubu na kuishikilia hapo, moto uingie kwenye skrubu yenyewe, itanuke na kuivunja ile kutu. Dakika tano. Moshi mdogo wa grisi ukatoka, nikaupepea uende nje. Nikaondoa chuma, nikaiacha ipoe, nikadondosha matone mawili ya mafuta ya cherehani pembeni mwake, yakanywewa. Nikagonga mgongo wa bisibisi taratibu, mara chache, chini ya kitovu nikiwa nimeegesha kipande cha kuni kilichosimama juu ya meza, ili shafti isipinde. Kisha nikarudia yote tena: moto, ubaridi, mafuta. Mikono ilikuwa ikifanya kazi vizuri, lakini masikio yote yalikuwa kwenye pazia, na nilijikuta navuta pumzi pamoja naye hadi kichwa kikaanza kuzunguka.

Ulipofika wakati wa kufungua nikaona tatizo jingine. Mkono mmoja ulitakiwa kukandamiza bisibisi isiteleze kwenye ule mfereji uliolika. Mkono wa pili ulitakiwa kuizungusha shingo ya bisibisi kwa plaizi. Na ile kuni ilitakiwa kushikwa isimame wima chini ya kitovu, la sivyo inateleza na skrubu inalewa moja kwa moja. Nilikuwa na mikono miwili.

"Mama watoto," niliita, "kuja unishikie."

"Nani atampepea?"

Nilijaribu kuibana kuni kwa magoti, kwa kifua, kwa vitabu vya nyimbo. Ikaanguka mara mbili. Nilitaka kulia, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Pazia likasogea.

Alitoka akijishika ukutani, mke wangu akimshika kwapa huku mkono mwingine una sinia. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kwenye magoti, inang'aa. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Nikainuka na kutazama chini kama kawaida, na nilipotazama chini nikaiona miguu hiyo, kwa hiyo hata hapo pa kukimbilia hapakuwapo.

"Kaa," aliniambia. Akaketi kwenye kiti mkabala nami, meza katikati yetu, akavuta pumzi tano au sita. Mke wangu akasimama nyuma yake na kuanza kupepea. "Nishike nini?"

"Hii kuni, Mama. Isimame tu. Usitumie nguvu."

Aliishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa mikono ya mchuma chai, vidole vya rangi ya kahawia kwenye ncha, na ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Nikaweka bisibisi, nikakandamiza, nikashika plaizi. Nilijua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mfereji ukikatika, nitakuwa nimemtoa mgonjwa kitandani bure, na kisha nitamtazama akihangaika mbele yangu hadi shemeji arudi, kama atarudi na kitu. Nikazungusha kushoto.

Hakuna.

Nikarudisha kulia kidogo sana, makusudi safari hii, ili kuitikisa kutu. Kisha kushoto tena, polepole, bila kupumua. Kuni haikusogea. Ndani ya kitovu kukasikika mlio mmoja mkavu, na nikafumba macho, maana mlio wa skrubu kukatika na mlio wa skrubu kuachia unafanana sana.

Nilipoyafumbua, plaizi ilikuwa imesogea robo mzunguko na mfereji ulikuwa bado mzima.

"Imeachia," alisema yeye. Aliusikia mtikisiko kupitia kwenye kuni kabla yangu.

Nikaitoa yote. Nikapitisha msasa kwenye sehemu ya shafti iliyokuwa wazi, nikatia tone la mafuta, nikakishika kitovu chenyewe, sikugusa mabawa, nikakipindua huku na huku hadi kikatoka. Nikaukata ule uzi kwa wembe, nikautoa mzunguko kwa mzunguko, nikafuta grisi ngumu, nikatia mafuta kwenye bushi na kuzungusha shafti kwa vidole mpaka ikaanza kwenda yenyewe. Nikarudisha mabawa, skrubu ikiangalia ubapa wa shafti, nikakaza kwa kiasi. Nikafunga wavu. Nikachomeka.

Ikanguruma, ikasita, ikazunguka. Lile bawa nililolipinda lilifanya feni yote itikisike kidogo juu ya meza, lakini upepo ulikuja. Niliielekeza usoni kwake. Alifumba macho, akafungua mdomo, akakaa hivyo. Sinia likashushwa. Polepole, sana, mabega yake yakaacha kupanda, na mimi nikahisi machozi yananishuka, nikajifanya nafuta grisi usoni. Mke wangu alienda jikoni kumtengenezea uji, nadhani na yeye alikuwa na lake la kufuta.

Tukabaki wawili. Hilo halijawahi kutokea. Nilianza kukusanya vyombo ili niondoke.

"Mkwe," alisema, macho bado yamefumbwa. "Umeniambia umekosea."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Hapa kila mtu ananiambia mambo ni mazuri. Watoto wangu, pasta, majirani. Wewe peke yako ndiye umeniambia kitu kimeharibika." Akafumbua macho akanitazama, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikuweza kuyaondoa yangu. "Sasa niambie. Huu moyo utapona?"

Hofu zote za siku ile zilikuwa za mchezo mbele ya swali hilo. Daktari alikuwa amewaita watoto wake pembeni na kuwaambia kwamba moyo hautapona, kwamba kilichobaki ni kumpunguzia taabu. Walikubaliana asiambiwe. Mke wangu aliniambia akilia, akaniapisha. Jikoni nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Hapana, Mama," nikasema.

Upepo ulisukuma kitambaa chake cha kichwani. Pumzi yake haikubadilika. Niliihesabu.

"Basi mwite shemeji yako arudi nyumbani," alisema, "aache kuzungukazunguka huko mjini. Nataka kuongea na watoto wangu wote nikiwa nimeketi hapa."

Nikachukua simu.